Ankara iliyokosewa hubatilishwa, haifutwi

Wadogo zangu mlioanza fildi kwenye ofisi za uhasibu hapa Dodoma, nawapenda, lakini hili linanichosha kila msimu wa hesabu. Jina la mteja likikosewa, mnaifuta ankara kwenye mfumo na kutoa nyingine. Acheni.

1. Kabla ya kumkabidhi mkaguzi orodha ya mauzo, ipange kwa namba, si kwa tarehe, kisha, namba zikiwa safu ya A kuanzia A2, weka fomula hii kwenye B3 ya Excel uivute hadi chini:

```
=A3-A2
```

Jibu likiwa 1, namba zinafuatana. 2 maana yake namba moja haipo, na 0 maana yake namba imejirudia.

2. Pengo lenyewe si kosa. Kinachowaumiza watu ni pengo lisilo na maelezo. Duka moja la vifaa vya ujenzi, orodha iliruka kutoka 0451 hadi 0454. Kijana wa mauzo akasema zile mbili "ziliharibika". Mkaguzi akaomba kitabu. Ya 0452 ilikuwa na nakala zake zote tatu, zimepigwa mistari, zimeandikwa IMEBATILISHWA, na sababu, tarehe na saini zipo. Akaipita bila neno.

Ya 0453 haikuwa na hata nakala moja. Mkaguzi hakubishana na mtu, akaenda stoo. Leja ya stoo ilionyesha mabati 40 yametoka siku hiyo, na hati ya kupeleka mzigo ilikuwa na saini ya mteja. Taarifa ya benki ikaonyesha 1,180,000 zimeingia siku iliyofuata. Akafungua ripoti ya Z ya mashine ya EFD: mauzo hayo hayamo. Basi shilingi 180,000 za VAT, kwa kiwango cha asilimia 18, hazikuwa zimetangazwa, na ile 1,000,000 iliyobaki haikuwa kwenye mapato. Kuanzia hapo "imeharibika" haikusaidia tena, na kila pengo jingine la mwaka ule likaanza kutafutwa stoo na benki.

Ndivyo afisa wa TRA anavyofikiri pia: namba isiyoonekana ni mauzo yaliyofichwa mpaka uonyeshe karatasi. Ukikosa karatasi, anaweza kukukadiria kwa taarifa alizonazo.

3. Mifumo mingine hutoa namba mara tu unapohifadhi rasimu, hivyo ukifuta rasimu, namba imekwenda nayo. Mwombe fundi wa mfumo auweke utoe namba wakati wa kuidhinisha ankara. Ankara iliyokwisha kumfikia mteja isahihishe kwa kredit noti inayotaja namba ya ankara ile.

4. Tawi la Singida lipewe herufi zake mbele ya namba. Mkichangia mfululizo mmoja na Dodoma, kila kitabu kitaonekana kina mapengo.

5. Vitabu vyenye ankara zilizobatilishwa vinatunzwa miaka 5 kama vingine. Nimemwona mtu akisafisha kabati na kuvitupa kwanza hivyo hivyo, kwa kuwa "havina mauzo".