Presha ya mimba, au presha yangu ya siku zote?

Mimba yangu ya kwanza nilianza kliniki nikiwa na wiki 22. Kwetu mimba changa haitangazwi, nami nikasubiri mpaka tumbo lionekane. Nesi akanipima: 126/82. "Iko vizuri, mama," akaandika kwenye kadi. Ilikuwa vizuri kweli kwa siku ile, ila ilinificha kitu ambacho nimekuja kukijua miezi sita hivi baadaye.

Miaka miwili kabla ya hapo nilishawahi kupimwa duka la dawa, mashine ikasoma 142/92. Muuzaji alinishauri nirudi baada ya siku chache, sikurudi. Kliniki walipoulizia historia yangu nikasema sijawahi kuwa na presha, na nilikuwa naamini ninachosema. Kipimo kimoja hakitoshi kumwita mtu mgonjwa. Lakini kama ningekitaja, daktari angejua aanzie wapi.

Mtu anapobeba mimba mishipa ya damu hulegea, na presha hushuka kuanzia miezi ya mwanzo. Katikati ya mimba huwa chini kabisa, halafu mwezi wa saba na kuendelea hupanda tena polepole kurudi ilipokuwa. Kwa hiyo mwenye presha ya siku zote akifika kliniki kwa mara ya kwanza na wiki 22, anaweza kusoma namba nzuri kabisa. Ikipanda baadaye, kila mtu anadhani imeletwa na mimba.

Wiki ya 31 nikasoma 146/94. Nesi akaniambia nikae kwenye benchi, nisiondoke. Baada ya saa nne akanipima tena: 144/92. Presha ya mjamzito huhesabiwa kuwa juu ikifika 140 kwa namba ya juu au 90 kwa namba ya chini, na isipokuwa kali sana lazima irudiwe namna hiyo, maana haraka ya safari au mkanda mdogo kwenye mkono mnene huweza kuipandisha bure. Kisha akachukua mkojo wangu, akachovya kijiti, akakiweka ubavuni mwa kopo lenye rangi za kulinganishia. Kile kibox cha protini kilibaki njano. "Mkojo uko safi," akasema, na kwenye kadi ikaandikwa presha ya ujauzito.

Jina lile lilikuwa sahihi kwa walichokuwa nacho mezani. Presha iliyoonekana baada ya wiki 20, mkojo hauna protini, figo na ini ziko sawa, mama hana dalili: hiyo ni presha ya ujauzito. Ingeonekana kabla ya wiki 20, au kabla ya mimba, ingeitwa presha ya kudumu. Mimi namba ya kabla ya wiki 20 sikuwa nayo, basi jibu la kweli likabidi lisubiri mpaka baada ya kujifungua.

Nikaanza kutumia methildopa ya kushusha presha, na kila wiki kupimwa presha na mkojo. Hapa nataka nisisitize jambo moja. Presha ya ujauzito si jina la kukaa nalo kwa raha. Ikianza mapema, kabla ya wiki 32, karibu nusu ya akina mama huishia kwenye pre-eklampsia, ile hatua ambayo isipodhibitiwa inaweza kuleta degedege la kifafa cha mimba. Ndiyo maana mkojo hupimwa kila unapokwenda, hata kama wiki iliyopita ulikuwa safi.

Kwangu ilifika wiki ya 36. Usiku kichwa kilinigonga kwa mbele, panadol haikusaidia. Asubuhi nikaona vitu kama cheche za moto pembeni mwa macho. Mama mkwe alikuwa anatazama miguu yangu, akafarijika kwamba haijavimba. Miguu haiamui chochote, wengi huvimba na wako salama. Hospitali nikasoma 164/108 na kijiti kikawa kijani, protini alama mbili. Hata kijiti kingebaki njano, kichwa kile na zile cheche pamoja na presha vingetosha kuiita pre-eklampsia. Kadhalika damu ikionyesha chembe za kugandisha zimeshuka sana, au ini na figo zimeguswa. Wapo wajawazito wanaorudishwa nyumbani kwa sababu mkojo ni safi ilhali kichwa kinapasuka. Dada, usikubali. Omba na damu ipimwe.

Nilipewa dawa ya kushusha presha haraka, sindano za magnesiamu za kuzuia degedege, kisha nikaanzishiwa uchungu. Mtoto alizaliwa na kilo 2.3. Siku ya tano baada ya kujifungua presha ilipanda upya kuliko siku ya pili. Nilishaambiwa kwamba siku ya tatu hadi ya sita ndiyo huwa mbaya, kwa hiyo sikukaa nyumbani nikajipa moyo kwamba mtoto keshatoka.

Presha iliyoletwa na mimba inatakiwa iwe imeondoka ifikapo wiki ya 12 baada ya kujifungua. Hiki ndicho kipimo ambacho wengi wetu hatuendi, kwa sababu kadi ya mama imeshafungwa na macho yote yako kwenye chanjo za mtoto. Mimi nilikwenda: 148/94. Tukarudia wiki iliyofuata, vilevile. Safari hii nikamtajia daktari ile 142/92 ya duka la dawa. Akachukua kadi yangu akaisoma nyuma: 126/82 ya katikati ya mimba, kupanda wiki ya 31. "Hii ilikuwa presha yako ya kudumu," akasema, "pre-eklampsia ikaja juu yake."

Mimba ya pili ikaenda tofauti kwa sababu ya jina hilo. Nilikuwa natumia losatani kwa ajili ya presha. Niliposema nataka mtoto, daktari akaibadilisha kwanza, kwani dawa za jamii hiyo huharibu figo za mtoto tumboni. Wiki ya 9 nikapimwa presha, kiasi cha protini kwenye mkojo, na kreatinini ya figo. Wiki ya 12 nikaanzishiwa aspirini ya dozi ndogo, kidonge kila usiku, kupunguza uwezekano wa pre-eklampsia kurudi.

Wiki ya 21 nikasoma 118/74, nikataka kuacha dawa. Daktari akanionyesha kwenye kadi ya kwanza jinsi nilivyodanganywa na wiki hizohizo. Tukapunguza dozi kidogo, hatukuacha.

Wiki ya 33 presha ikawa 150/96. Kwa mwenye presha ya kudumu swali hapa ni gumu: ni ileile inarudi juu kama kawaida ya miezi ya mwisho, au pre-eklampsia imeingia? Waliweka majibu mapya pembeni mwa yale ya wiki ya 9. Protini ileile, kreatinini ileile, chembe za damu sawa, kichwa hakiumi, na ultrasaundi ikaonyesha mtoto anakua. Wakaongeza dawa, wakanipima kila wiki, damu ikarudiwa. Nilijifungua wiki ya 38.

Mdogo wangu sasa ana wiki 10 na hajamwambia mtu ila mimi na mumewe. Jumamosi nilimpeleka kliniki. Alikaa dakika tano kimya, miguu chini, mgongo umeegemea kiti, mkono juu ya meza usawa wa moyo. 112/70. Nilisubiri mpaka nesi alipoiandika kwenye kadi.