Mteja kauliza bei kisha kanyamaza

*Naweka mabuibui kwenye status. Watu wanaandika “kiasi gani hili?”, nikiwajibu hawarudi tena. Nakosea wapi? (Muuzaji, Mwanakwerekwe)*

Ukijibu “45,000” ukaishia hapo, umemwachia mteja kazi yote. Bado hajui kama lipo linalomtosha, litamfikiaje, wala jumla yake ngapi. Mjibu hivi: “Waalaikumsalaam dada. Hili ni 45,000, kitambaa hakionyeshi ndani. Ninalo la 54 na la 56. Wewe unavaa lipi, na uko wapi nikupigie hesabu ya kupelekewa?” Swali la mwisho ndilo linalomrudisha, maana ni jepesi kujibu.

Akisema 56, Fuoni, usimwulize tena kama analitaka. Mwandikie hesabu nzima: “Buibui jeusi 56, 45,000. Kupelekewa Fuoni 3,000. Jumla 48,000. Ukilipa kabla ya saa 8 mchana, utalipata leo baada ya alasiri.” Chini yake weka namba ya kulipia pamoja na jina litakalotokea kwenye simu yake. Hili la jina wengi hulisahau. Laini ikiwa imesajiliwa kwa jina la mumeo na hukumwambia mapema, akiona jina la mwanamme asiyemjua atahofia kutapeliwa na ataghairi pale pale.

Akikutumia sauti, mjibu kwa sauti, ila bei na namba ziandike. Na kila picha itie namba yake, kwani status hukaa saa 24 tu. Kesho akisema “lile la juzi” mtapotezana.

*Mteja wa halua kaniambia “nitakutafuta”. Nimfuate au nitamkera? (Mpishi, Wete)*

Mfuate, lakini uwe na jambo la kumwambia. “Vipi, bado unahitaji?” inamtia aibu kama hajapata pesa. Mwandikie: “Alkhamisi napika. Nikuwekee zile kilo 2?” Asipojibu, mkumbushe mara moja tu utakapokaribia kupika tena, kisha mwache. Siku nyengine uliza tangu mwanzo anaihitaji lini. Mwenye shughuli hukutajia siku, na huyo ndiye wa kumwomba nusu ya malipo kabla hujabandika sufuria.

*Mteja wa Unguja kanitumia picha ya meseji ya malipo. Pesa siioni, na meli iko karibu kuondoka. Nipakie? (Muuzaji, Chake Chake)*

Usipakie. Picha hutengenezwa, na hata meseji huigizwa. Ya kweli huja kwa jina la mtandao wako wa pesa, si kutoka namba ya mtu. Nayo isikutoshe: fungua menyu ya pesa, tazama salio. Halijaongezeka? Mwambie kwa upole: “Ahsante dada, kwangu haijaingia. Tazama namba uliyotuma. Ikiwa umekosea, wapigie mtandao wako sasa hivi. Ikiingia tu, mzigo wako unaondoka na meli inayofuata.” Aliyelipa kweli atakasirika kidogo, kisha atatazama simu yake. Anayekuhimiza upakie kwanza, mzigo wake uache dukani.