Mchezo wa kuzidisha unaowafanya watoto wahesabu moja moja

Swali: Nafundisha mwaka wa tatu wa msingi hapa Goma. Nimetunga mchezo: mtoto anarusha dadu mbili, anapanga mafungu ya maharagwe, anataja jumla. Wanaupenda sana, lakini kila mara wanahesabu punje moja moja. Nibadilishe nini?

Jibu: Mwalimu, tatizo ni kwamba maharagwe yote yako wazi. Mtoto wa miaka minane akiona punje 24 mezani atazihesabu, kwani njia hiyo haijawahi kumwangusha. Basi zifiche.

Kila kundi la watoto wanne lipe vikombe 6, dadu moja, kadi za 2 hadi 9, na vijiwe 54 (vya lava mnavyo tele uani). Kadi inasema kila fungu lina vijiwe vingapi, dadu inasema mafungu ni mangapi. Tuseme kadi ni 7 na dadu ni 4. Wenzake wanaweka vijiwe 7 chini ya kila kikombe, wanafunua kimoja tu. Mchezaji anagusa vikombe akisema 7, 14, 21, 28. Vikombe vinainuliwa pale tu wanapobishana.

Sasa usibadilishe kadi. Hapo ndipo penye kiini cha mchezo. Ibaki 7 kwa zamu tatu, dadu peke yake irushwe upya. Ikitoka 6, wanaongeza vikombe viwili. Anayeanza tena kwenye 7 na kufika 42 anapata alama moja. Anayesema "tulikuwa na 28, naongeza 14, ni 42" anapata mbili. Ikifuata 5, anatoa fungu moja: 35. Akizoea hivyo, 6 × 7 kwake inakuwa jirani wa 5 × 7, na akiisahau ana pa kuanzia.

Tazama midomo na vidole. Mtoto anayenong'ona "15, 16, 17..." kati ya 14 na 21 anaelewa mafungu vizuri, kinachomkwamisha ni kujumlisha kwa kuvuka kumi. Mkalishe pembeni kidogo, mwonyeshe kugawa ile 7: 14 na 6 ni 20, bado 1, ni 21. Ukimrudisha mchezoni bila hilo ataendelea kunong'ona.

Saa usiilete mapema. Mtoto anayekimbizwa huanza kubahatisha, na kwa jibu la kubahatisha huwezi kujua alipita njia gani.

Kwa kuwa dadu inaishia 6, mchezo huu hauwafikishi 7 × 7, 7 × 8, 7 × 9, 8 × 8, 8 × 9 wala 9 × 9. Hizo sita zifanye baadaye bila vijiwe, mkianzia mafungu matano: kwa 7 × 8, mafungu 5 ya 8 ni 40, mawili zaidi ni 16, jumla 56.