Maji yameingia kwenye fremu niliyopanga: namthibitishiaje mkadiria hasara?

"Wakuu, Mto Mirongo umefurika usiku, maji yameingia kwenye fremu yangu ya vitenge hapa Mabatini. Nimepanga, bima ni ya mali ya dukani na inagusa mafuriko. Mkadiria anakuja kesho kutwa. Nimwonyeshe nini anielewe?"

Pole sana mkuu. Mimi pia nilipanga fremu bondeni na nimeshapitia hayo, nikalipwa, ingawa si kwa urahisi.

Kabla hujadeki, piga picha mstari wa tope ukutani. Shika futi kamba kuanzia sakafuni hadi kwenye mstari, namba zisomeke, kisha rudia kila ukuta na kila rafu. Mkadiria akishaona maji yalifika sentimita 60, orodha yako ataisoma kwa kipimo hicho. Ukiandika jora lililokuwa rafu ya juu kabisa, hata yale ya chini ya kweli ataanza kuyatilia shaka. Ndiyo maana mimi niliandika orodha kwa rafu: chini kulikuwa na nini, katikati nini, na juu nini kimepona. Hivyo vilivyopona viandike pia, vinakujengea imani kuliko unavyodhani.

Picha zibaki kwenye simu iliyopiga. Ukizituma kama picha za kawaida za WhatsApp hubanwa na taarifa za tarehe hupotea, kwa hiyo mpe nakala kwenye flashi au kwa barua pepe.

Usitupe kitu. Tandika vilivyolowa vikauke, maana ukiviacha vioze atasema hasara nyingine umejitakia. Maji ya Mirongo ni machafu, kwa hiyo bwana afya akiamuru viteketezwe, omba amri hiyo kwa maandishi na ubakize kipande cha kila jora pamoja na lebo yake. Vitenge vinavyofulika vitakatwa kwenye malipo kama mabaki, na bei yake mjadiliane akiwa hapohapo.

Sasa hesabu, na hapa ndipo wengi tunapoumia. Hawezi kukubali "nilikuwa na mzigo wa milioni kadhaa" kwa mdomo. Anza na hesabu ya mwisho ya mali, ongeza manunuzi, toa mauzo. Tuseme Januari ulikuwa na mzigo wa 6,200,000, ukanunua wa 9,400,000, na umeuza 10,000,000. Hayo mauzo usiyatoe yalivyo, kwa sababu yana faida ndani. Kama unaongeza robo juu ya bei ya kununulia, gawanya kwa 1.25 upate 8,000,000. Kwa hiyo usiku wa mafuriko dukani palikuwa na mzigo wa 7,600,000 kwa bei ya kununulia. Hiyo ndiyo bei ya kudai. Faida ya kitenge ambacho hakijauzwa haimo, labda mkataba wako uwe umeitaja.

Kisha angalia ulikata bima ya kiasi gani. Ukiwa umekatia 5,700,000, hiyo ni robo tatu ya mzigo, na mikataba mingi ina kipengele cha kupunguza malipo kwa uwiano huo. Vilivyoharibika vikiwa vya 4,000,000, utapata 3,000,000, kisha kitolewe kile kiasi ambacho mkataba unasema unabeba mwenyewe. Mtu akivimbisha thamani ya mzigo wote ili aonekane na hasara kubwa, uwiano unazidi kushuka na anajikata mwenyewe.

Manunuzi yathibitishe kwa risiti za EFD. Zikilowa zianike kivulini, msizipige pasi wala kuziweka karibu na jiko, ile karatasi hugeuka nyeusi ikipata joto. Kama namba ya uhakiki bado inasomeka, risiti inatazamika verify.tra.go.tz. Iliyofutika, mfuate muuzaji wa jumla akupe nakala, na uambatanishe taarifa ya benki au ya simu inayoonyesha malipo ya siku ile. Mauzo nayo yawe yaleyale uliyowapa TRA, maana mkadiria anaweza kuomba kuona.

Kwa kuwa umepanga, kuta, sakafu na mlango ni vya mwenye nyumba. Usivitie kwenye dai. Rafu na dari ulizoweka wewe unaweza kuzidai kama mkataba wa bima unavihusisha, lakini onyesha mkataba wa pango na risiti ya fundi. Mwenyekiti wa mtaa akuandikie barua kwamba mafuriko yalitokea tarehe ile. Ungekuwa moto, angetaka ripoti ya Zimamoto na Uokoaji.

Mkishamaliza, kampuni italeta karatasi ya kukubali malipo. Soma kama imeandikwa kwamba hutadai tena. Kiasi kikiwa pungufu, usisaini. Andika barua ya kupinga ukionyesha ni mstari upi wa orodha umekatwa bila sababu, na wakikaza, nenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ukiwa na faili lilelile.