Ukivunja kauli ya Clausius, ya Kelvin inavunjika wapi? Hesabu ya pande zote mbili

Swali: Wadau, habari zenu. Nasoma uhandisi wa mitambo mwaka wa pili, hapa Mombasa. Mwalimu ametuonyesha kwamba, katika sheria ya pili ya thermodinamiki, ukivunja kauli ya Kelvin unavunja na ya Clausius, akasema upande wa pili tuumalize wenyewe. Mimi nikiunganisha mashine ya Clausius na injini, napata joto linatoka kwenye moto, lingine linaishia kwenye baridi, na kazi kidogo. Sioni cha ajabu hapo. Nakosea wapi? Na kwani upande mmoja hautoshi?

Jibu: Mashine ulizochagua ni sahihi. Kilichokosekana ni kulinganisha viwango vya joto kabla ya kuziunganisha, na hapo ndipo uzito wote wa upande wa pili ulipo. Nitaanza na swali lako la mwisho kwa sababu ni fupi.

Upande mmoja hautoshi. Alichowaonyesha mwalimu ni kwamba kauli ya Kelvin ikivunjika, ya Clausius haiponi. Maana yake, ukiwa na uhakika na kauli ya Clausius, umeipata ya Kelvin pia. Lakini bado inawezekana, kwa mantiki tupu, pawe na ulimwengu ambao ya Kelvin inashika huku ya Clausius ikivunjwa kila siku. Upande wa pili ndio unaofunga mlango huo. Bila huo, una kauli moja yenye nguvu na nyingine inayoitegemea. Huna kauli mbili zilizo sawa.

Sasa shika maneno ya kauli zenyewe, kwa sababu uthibitisho unaning'inia kwenye maneno mawili. Kelvin (1851), kwa umbo alilolinyoosha Planck baadaye: hakuna mashine inayofanya kazi kwa mzunguko ambayo athari yake pekee ni kuchota joto kwenye hifadhi moja na kuligeuza lote kuwa kazi. Clausius, aliyeanza hoja hii 1850: hakuna mashine ya mzunguko ambayo athari yake pekee ni kuhamisha joto kutoka kwenye baridi kwenda kwenye moto. Hifadhi ni kitu kikubwa kiasi kwamba ukikipunguzia joto au kukiongezea, halijoto yake haibadiliki. Maneno ya kukazia macho ni "mzunguko" na "pekee".

Ukitoa "mzunguko", kauli ya Kelvin inakuwa uongo. Gesi kwenye silinda iliyozamishwa majini inaweza kutanuka polepole, ikanywa joto la maji na kuligeuza lote kuwa kazi ya kusukuma pistoni, asilimia 100. Hakuna sheria iliyovunjwa, kwa sababu mwishoni gesi si ile ya mwanzo: imechukua nafasi kubwa zaidi na shinikizo lake limeshuka. Ukitaka kuirudisha ilipoanza, utailipia. Ukitoa "pekee", kauli ya Clausius nayo inakuwa uongo, maana kila friji inahamisha joto kutoka kwenye baridi. Friji haiivunji kauli kwa sababu inakula umeme.

Tuchukue hifadhi mbili tunazozijua. Ya moto ni maji ya bahari ya Kilindini, tuseme nyuzi 27, yaani 300 K. Ya baridi ni chumba cha barafu ya samaki, nyuzi 3 chini ya sifuri, yaani 270 K. Joto liko tele hata kwenye maji ya vuguvugu: kilo moja ya maji ya bahari ikipoa kwa nyuzi moja inatoa kilojuli 4 hivi. Sheria ya kwanza haina pingamizi na feri ya Likoni kuvuka kwa joto hilo bila tone la dizeli, mradi nishati inahesabika. Anayeizuia ni Kelvin.

Upande wa mwalimu wako nitaupitisha haraka. Chukulia tuna mashine ya uongo inayochota kJ 100 baharini na kutoa kazi ya kJ 100. Kazi hiyo yote ipeleke kwenye kompresa ya friji ya kawaida, ile ambayo kwa kila kJ 100 za kazi inachota kJ 300 kwenye chumba cha barafu na kumwaga kJ 400 baharini. Bahari imetoa 100 na kupokea 400: imeongezeka 300. Chumba kimepoteza 300. Kazi imezaliwa na kuliwa humo humo ndani, hakuna iliyoingia kutoka nje. Mashine zote mbili zimerudi zilipoanza. Kilichobaki duniani ni kJ 300 zilizotoka kwenye baridi kwenda kwenye moto, na hilo ndilo Clausius alilokataza.

Hata friji si lazima, na mimi napenda zaidi njia hii. Weka mashine ya uongo ichote kJ 100 kwenye chumba cha barafu badala ya baharini, halafu kazi yake izungushe pangaboi ndani ya maji ya bahari hadi yote igeuke joto kwa msuguano. Kauli ya Clausius imekwisha, na ulichohitaji ni msuguano tu, ambao hakuna anayeukana.

Sasa upande wako. Mashine ya uongo hapa inabeba joto kutoka chumbani hadi baharini bila kazi yoyote. Mwenzake ni injini halali inayofanya kazi kati ya bahari na chumba. Kwa halijoto hizi injini kama hiyo ni dhaifu. Tuseme inachota kJ 100 baharini, inatoa kazi ya kJ 5, na kumwaga kJ 95 chumbani. Umwagaji huo ndio unaoizuia kuwa mashine ya Kelvin. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni moja: nani atazizoa hizo 95? Mashine ya uongo, na izizoe zote, bila kupungua wala kuzidi. Ipange ibebe kJ 95 kwa kila mzunguko wa injini:

```
bahari:  -100 + 95 =  -5
chumba:   +95 - 95 =   0
kazi:              =  +5
```

Chumba cha barafu hakijaguswa. Unaweza kuchora boksi moja kuzunguka mashine zote mbili pamoja na chumba, ukaliita mashine moja. Boksi hilo linarudi lilivyokuwa kila mzunguko, linachota kJ 5 kwenye hifadhi moja tu, na linatoa kazi ya kJ 5. Hiyo ni mashine ya Kelvin kamili. Feri imevuka.

Tazama sasa kinachotokea usipolinganisha. Tuseme mashine ya uongo umeipa kJ 40 tu. Bahari imetoa 60, chumba kimepokea 55, kazi ni 5. Ukimwonyesha mtu matokeo haya bila kumfungulia boksi, ataona injini ya kawaida yenye ufanisi wa asilimia 8.3. Kikomo cha Carnot, yaani ufanisi wa juu kabisa ambao injini inaweza kuufikia, kati ya 300 K na 270 K ni asilimia 10, kwa hiyo hana cha kulalamikia. Hapo ndipo ulipofika wewe. Uvunjaji wa sheria umo ndani, lakini umefunikwa na hasara za injini: injini yako ilikuwa mbovu kuliko kikomo, na mashine ya uongo imelipia sehemu ya ubovu huo tu. Ukipandisha hadi kJ 50, unagusa kikomo chenyewe, 5 kwa 50. Kwenye kJ 60 unapata 5 kwa 40, asilimia 12.5, na sasa aliyesoma Carnot ataruka. Hata hivyo kauli ya Kelvin, neno kwa neno, bado haijaguswa, kwa sababu chumba kinaendelea kupokea joto na athari ya kazi si "pekee".

Ukizidisha pia unapotea. Kwa kJ 97 bahari inapoteza 3 na chumba kinapoteza 2: kazi imetoka kwenye hifadhi mbili, na kauli inasema moja. Kisha kwenye kJ 100 linatokea jambo ambalo vitabu vingi hulipita: bahari haibadiliki kabisa, na kJ 5 zote za kazi zimetoka kwenye chumba cha barafu. Huo nao ni uvunjaji kamili wa kauli ya Kelvin, safari hii hifadhi pekee ikiwa ile ya baridi. Kwa hiyo kuna vipimo viwili vinavyokubalika: linganisha na joto ambalo injini inamwaga, au linganisha na joto ambalo injini inachota. Vya katikati na vya nje havikupi kauli ya Kelvin kama ilivyoandikwa. Namna ya kujikagua ni kujumlisha kila hifadhi peke yake. Ikiwa hakuna hata moja yenye sifuri, hujamaliza.

Kulinganisha hakuhitaji muujiza. Ikiwa mashine ya uongo inabeba kJ 19 kwa mzunguko, izungushe mara 5 kwa kila mzunguko mmoja wa injini. Joto la mizunguko linajumlishwa, na zote zinasimama zilipoanzia.

Jambo la mwisho ni kosa ninaloliona sana kwenye majibu ya mitihani: mwanafunzi anaandika "tumia injini ya Carnot" kisha anaingiza fomula ya ufanisi wake, au anakimbilia entropia. Vyote hivyo vimezaliwa na sheria ya pili, kwa hiyo unatumia kitu unachotaka kukithibitisha. Mimi nimeitaja asilimia 10 ili uone kwa nini kosa lako lilijificha. Ndani ya uthibitisho haimo. Injini haihitaji kuwa bora wala kuweza kurudishwa nyuma. Inahitaji tu kutoa kazi yoyote iliyo zaidi ya sifuri huku ikimwaga joto kwenye baridi. Kama yako ina ufanisi wa asilimia 1, inachota 100 na kumwaga 99, basi mashine ya uongo ibebe 99 na hitimisho linabaki lilelile. Kwa herufi, W ikiwa kazi, Qm joto ambalo injini inachota baharini na Qb joto inalomwaga chumbani, andika hivi:

```
W = Qm - Qb
bahari: -Qm + Qb = -W
chumba: +Qb - Qb = 0
```

Chini yake ongeza sentensi moja inayosema mashine zote zimekamilisha mzunguko na chumba hakijabadilika. Bila sentensi hiyo umeonyesha hesabu ya nishati tu, na hiyo ni sheria ya kwanza.