Wajukuu wa Tanga hawajasahau kitu

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wawili, wa miaka 9 na 5, wote wamezaliwa hapa Leicester. Mkubwa alikuwa akisema Kiswahili mpaka alipoanza chekechea, mwalimu akatushauri tuseme naye Kiingereza nyumbani ili asibaki nyuma. Mdogo hajawahi kukisema. Mama yangu yuko Tanga, na kila tukiongea kwenye simu hulalamika kuwa wajukuu zake "wamesahau Kiswahili". Mume wangu humjibu, "Hapana mama, wanakisikia, ila hawakisemi." Mimi naona kusikia ni kazi ya masikio, angesema "wanakielewa". Nani yuko sahihi?

JIBU: Dada yangu, mumeo yuko sahihi, nawe hujakosea. Kusikia kwa maana ya kufahamu lugha ni matumizi ya siku nyingi. Mtu akisema "Kiarabu nakisikia kidogo", hakuna anayedhani anasifia masikio yake. Mzazi akilalamika kuwa mwanawe hasikii, hatumpeleki mtoto hospitali, tunajua ni mkaidi. Kuelewa nako kumetokana na elea: jambo likikuelea, wewe umeelewa. Semeni lolote kati ya hayo mawili, lugha haitaharibika.

Neno la kuharibu mambo katika barua yako ni lile ambalo hukuliuliza, nalo ni "wamesahau". Mfikishie mama shikamoo yangu, kisha umwambie, kwa heshima zote anazostahili, kwamba neno hilo ameliweka mahali pasipo pake. Na si yeye peke yake. Nalisikia harusini, misibani, kwenye simu za sikukuu, kila familia iliyo na watoto ughaibuni. Kusahau, neno tulilolipata kwa Waarabu, ni kughafilika na jambo ulilokuwa nalo akilini. Huwezi kusahau ulichokuwa hujapewa. Mtoto wa miaka 5 ambaye tangu azaliwe anasemeshwa Kiingereza amesahau nini? Ukisema amesahau, umemtwika yeye kosa, kana kwamba alikabidhiwa mali akaipoteza njiani.

Wapo watoto waliosahau kweli. Mwaka 2003 Christophe Pallier na wenzake huko Ufaransa walichapisha utafiti kuhusu watu waliozaliwa Korea, wakachukuliwa na familia za Kifaransa wakiwa na umri kati ya miaka 3 na 8, wasisikie tena Kikorea. Walipokuwa watu wazima walisikilizishwa sentensi za Kikorea zilizochanganywa na za lugha nyingine ngeni, na hawakuweza kuitambua lugha yao ya utotoni kuliko Wafaransa wa kawaida. Hata picha za ubongo wao hazikuonyesha tofauti. Huko ndiko kusahau. Na hata kwa watoto wa aina hiyo, tafiti za baadaye zimekuta kwamba wakianza kujifunza upya, matamshi huwaingia upesi kuliko wenzao. Sasa niambie, dada, kijana wako wa miaka 9 anayecheka bibi yake akitaniana na mjomba kwenye simu, anayejua kabisa kwamba "ondoa hivyo viatu" ni amri yake yeye, huyo naye tumhesabu pamoja na hao?

Mkubwa wako hakusahau. Alikatishwa. Alipofika chekechea alikuwa na Kiswahili cha mtoto wa miaka mitatu, nacho si haba, lakini bado hakijapevuka. Ushauri mliopewa haukuwa na msingi, ingawa nina hakika ulitolewa kwa nia njema, na wazazi wengi wamepewa huohuo. Kiingereza angekipata tu. Kiko darasani, uwanjani, kwenye katuni, kwa jirani. Kiswahili kilikuwa na chanzo kimoja, nacho ni ninyi wawili mezani. Mlipokiondoa hapo hakikuwa na pengine pa kutokea. Mdogo alipozaliwa alikuta kaka yake ameshaleta Kiingereza nyumbani, akakuta lugha ya kucheza na kugombana ni hiyo. Ndiyo maana katika familia nyingi kifungua mimba hukisema Kiswahili kuliko wadogo zake.

Jinsi lugha inavyoondoka nyumbani naweza kukuonyesha kwa mazungumzo ya dakika moja. Mama anauliza, "Leo mmekula nini shuleni?" Mtoto anajibu kwa Kiingereza, wali na samaki. Mama anauliza tena, "Ulimaliza?" Mtoto anajibu kwa Kiingereza kwamba samaki hakuwa mtamu. Mama amechoka, yuko jikoni, naye anajibu kwa Kiingereza kwamba kesho atamfungia chakula. Hakuna aliyekosea na hakuna aliyegombana, lakini mtoto amejifunza kwamba Kiswahili ni lugha ya kuulizwa, si ya kujibia. Siku zikipita, swali lenyewe nalo linaanza kuulizwa kwa Kiingereza.

Mtaalamu aliyechunguza jambo hili kwa karibu ni Elizabeth Lanza, aliyefuatilia watoto wa lugha mbili Norway. Mmoja wao alikuwa binti mdogo ambaye mama yake ni Mmarekani na baba yake Mnorwe. Mama alipojibiwa kwa Kinorwe alifanya kama hakuelewa, au alirudisha neno kwa Kiingereza kwa sauti ya kuuliza. Baba alipokea chochote alichopewa na kuendelea na mazungumzo. Matokeo yake binti alichanganya lugha kwa baba kuliko kwa mama. Tuilete hatua hiyo jikoni kwako. Mtoto akisema kwa Kiingereza kwamba anataka maziwa, una njia kadhaa. Unaweza kumuuliza, "Unataka nini?" na kusubiri. Unaweza kukisia, "Unataka nikumiminie maziwa?" naye akaitikia. Unaweza kurudia tu maneno yake kwa Kiswahili, "Aa, maziwa, haya." Au unammiminia kimya. Ya kwanza ndiyo inayomdai Kiswahili zaidi na ya mwisho haimdai kitu. Kwa mdogo wa miaka 5 anza na ile ya kukisia, kwa sababu inampa maneno na bado inamtaka ajibu. Usijifanye hujui Kiingereza mbele ya mkubwa wa miaka 9. Anajua unakijua, ataona unamfanyia mchezo. Yeye mwambie waziwazi kwamba jikoni na wakati wa kula tunasema Kiswahili, na kwamba kazi za shule zitabaki kwa Kiingereza. Eneo dogo lisilovunjwa lina faida kuliko amri ya nyumba nzima itakayodumu wiki moja.

Ninyi mna bahati ambayo ndoa nyingi za ughaibuni hazina: wote wawili mnakisema. Annick De Houwer alikusanya taarifa za familia zaidi ya 1,800 za eneo la Flanders nchini Ubelgiji, akazichapisha mwaka 2007. Kila nyumba kati ya hizo ilikuwa na mzazi anayesema lugha isiyo ya shule, na bado katika takriban familia moja kati ya nne hakuna mtoto hata mmoja aliyeisema. Pale ambapo wazazi wote wawili walitumia lugha yao peke yake nyumbani, karibu familia zote zilipata watoto wanaoisema. Pale ambapo kila mzazi alisema lugha yake, kama wanavyoshauriwa wengi, ni karibu robo tatu tu. Kwa hiyo kilichoamua ni lugha iliyotoka vinywani mwa wazazi, na mtoto hapo hana hatia ya kusahau.

Kuna ubaya mwingine wa "wamesahau", nao unanikera zaidi kwa sababu unaonekana kama utani. Mtoto akijaribu kusema, neno hilo humrudia kama hukumu. Chukua sentensi ambayo watoto wa ughaibuni hunisemea mara kwa mara kwa namna moja au nyingine: "Bibi, mimi nilipa yeye kitabu yangu." Upande wa pili wa simu kunapasuka kicheko. Binamu wanaigiza. Shangazi anasema, "Masikini, amekisahau!" Mtoto anarudisha simu kwa mama, na likizo ijayo hata ukimwita hataki kuongea.

Hebu tuitazame sentensi yenyewe. Nafsi ya kwanza ameiweka, *ni-*. Wakati uliopita ameuweka, *-li-*. Maneno ameyajua, na mpangilio wake unaeleweka. Kilichopungua ni viwili. Kitenzi *-pa* hakisimami bila kiambishi cha anayepewa, kwa hiyo ilibidi aseme "nilimpa", na ile "yeye" isingekuwa na kazi. Cha pili ni upatanisho: kitabu ni "changu". Viambishi vya aina hii ndivyo vinavyochelewa kukaa sawasawa, kwa sababu vinahitaji kusikika mara nyingi sana, kwa majina mengi tofauti. Huyo mtoto hajapoteza sarufi, bado hajalishwa vya kutosha. Anayemcheka anamnyima hata kile kidogo alichokuwa akipata.

Msahihishe bila kusimamisha mazungumzo: "Aa, ulimpa kitabu chako? Akafurahi?" Ameshasikia "ulimpa", ameshasikia "chako", na ameulizwa swali linalomfanya aendelee. Na uangalie mambo yanayojificha. Mtoto wa huko akikwambia shule inafungua saa tisa asubuhi, maneno yake ni Kiswahili na hesabu yake ni ya Kiingereza. Anamaanisha saa tatu. Hilo halirekebishwi kwa kucheka wala kwa kusahihisha neno. Kaa naye mbele ya saa ya ukutani umwonyeshe kwamba sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza.

Kwa mama wa Tanga nina ombi. Simu nyingi za mababu na wajukuu zinakwisha kwa hujambo, unasoma, uwe na adabu, mpe mama. Mtoto anaitikia "sijambo", "ndiyo", "ndiyo", na simu imekwisha. Amwulize jambo ambalo jibu lake halitoshi kwa neno moja, na ambalo bibi mwenyewe hana analojua: theluji ikianguka mnavaa nini, mpira wa jana uliishaje, mdogo wako alilia kwa nini. Akikwama kwenye neno, bibi amtajie na waendelee. Akisema "kitabu yangu", bibi aseme "kitabu chako" na asiongeze lolote.

Nitakuwa mkweli pia kuhusu mwisho wa safari. Mkubwa akianza sasa atapata Kiswahili cha kuzungumzia nyumbani na cha kukaa na jamaa zake bila mkalimani. Huenda "kitabu yangu" ikamtoroka hata akiwa na ndevu. Mimi ni mtu wa ngeli, na upatanisho uliovunjika huniumiza masikio, lakini Bukavu na Nairobi mamilioni ya watu husema namna hiyo kila siku, na hakuna anayewaambia kwamba wamesahau. Mjukuu wa Tanga naye asiambiwe. Kwa sasa mumeo aendelee kumjibu mama vilevile, kwamba watoto wanakisikia, kisha ampe mkubwa simu aongee mwenyewe.