Stafeli si sitafal: menyu ya juisi iliyoninyima malipo yangu

Ijumaa iliyopita, watu wakitoka msikitini, nilipata ujumbe kutoka kwa kijana wa Shela, kule Lamu. Naunakili hapa kwa idhini yake: "Salaam aleikum dada. Nimefungua kibanda cha juisi karibu na jeti. Wageni wakiniuliza stafeli ni nini nawaambia kastadi epo. Wakishainywa wananitazama kama nimewadanganya. Naandikeje kwenye ubao?"

Niliweka simu chini kwanza. Maneno hayo mawili, kastadi epo, ndiyo yaliyoninyima malipo hapa Malindi, na ingawa ni miaka minane sasa, bado yananiuma. (Majina ya kigeni nayaandika hapa kama tunavyoyatamka mezani.)

Kazi yenyewe ilikuwa menyu ya vinywaji ya hoteli moja ya ufuoni, na jina lake nalihifadhi. Juisi 14 na smuthi chache, kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiitaliano, maana Malindi hii hata muuza vinyago anajua kukuuliza habari kwa Kiitaliano. Nilikaa usiku mmoja na kamusi, nikaandika neno mbele ya neno. Kadi 40 zikachapwa zikatiwa plastiki. Nilijiona bingwa.

Siku ya kuchukua salio langu nilikuwa nimesimama kando ya kaunta. Mama mmoja wa Kihindi, mgeni kutoka Gujarat, alisoma kadi, akaona "stafeli" na chini yake "kastadi epo", uso wake ukang'aa. Akaagiza bila sukari. Alipopiga funda la kwanza alikunja uso, akamwita mhudumu: "Hii si sitafal." Mhudumu akamjibu kwa adabu: "Ndiyo stafeli yenyewe, mama." Akarudia, naye akarudia. Mimi pale pembeni jasho linanitoka, kwa sababu wote wawili walikuwa wakisema kweli.

Meneja akaagiza tunda lenyewe liletwe kutoka jikoni. Yule mama akalipakata kwa mikono miwili, akaligeuza, akasema kwao hilo ni Lakshmanfal, na kwamba sitafal ni lingine, dogo, tamu tupu. Akalipa, akaenda zake bila ubaya. Meneja ndiye hakulipa. Kadi zilitupwa, salio sikulipata, na neno aliloniambia lilikuwa moja: "Wewe si mwenyeji wa hapa?" Nimezaliwa hapa. Stafeli nimelila tangu sina meno.

Kilichotokea ni hiki. Neno letu stafeli limetokana na sitafal ya Kihindi na Kigujarati. Lakini jina lilipovuka bahari lilibandikwa tunda jingine. Sitafal ya Mhindi ni lile ambalo sisi tunaliita topetope, na wengine tomoko. Stafeli letu ni ndugu yake, si lenyewe. Na "kastadi epo" ya Kiingereza haisaidii, maana nayo hutumika kwa ndugu kadhaa wa ukoo huo: Mhindi akiitamka ana maana ya topetope, na mgeni wa Australia akiitamka anafikiria tunda chotara linalolimwa kwao. Upande wa Kiitaliano nilikuwa nimeandika "anona", na Mwitaliano wa Kalabria anayo anona yake, inayolimwa Reggio Calabria, tamu na laini kama malai. Naye angekunja uso vilevile.

Wiki iliyofuata nilikwenda sokoni nikanunua stafeli moja na matopetope matatu, nikayapasua kwenye sinia moja. Ilinipasa kufanya hivyo kabla ya kufungua kamusi, na ndilo ninalokuambia wewe ufanye. Stafeli ni kubwa, refu kidogo, ngozi ya kijani yenye vijimiba laini vilivyopinda. Ndani ni jeupe, lina nyuzi, na uchachu unapanda puani kabla ya utamu kufika. Topetope linaenea kiganjani, ngozi yake ina mafundo mafundo, nyama yake inatoka vipande vipande kila kimoja na kokwa yake, na uchachu haumo kabisa. Anayeahidiwa la pili akaletewa la kwanza ana haki ya kudhani kinywaji kimechacha.

Kisha ndipo niliandika kwenye simu `Annona muricata`, jina la kisayansi la stafeli, na `Annona squamosa`, la topetope. Jina la kisayansi halipandi meza ya mgeni, lakini ndilo daraja: ukilitafuta pamoja na picha unaona kila lugha inaliitaje tunda hilohilo. Kwa Kiingereza stafeli ni saasopu, na sehemu ya kwanza ya neno hilo yenyewe inamwonya mgeni kuwa kuna uchachu. Waitaliano hulijua zaidi kwa majina yaliyotoka nchi za joto za Amerika, graviola au guanabana, kwani asili ya tunda ni huko.

Hapo kuna mtego wa pili. Ukitafuta graviola utamwagikiwa na kurasa zinazodai kuwa linatibu saratani. Usiziguse, wala usinakili sentensi hata moja. Hakuna majaribio ya kuaminika kwa binadamu yaliyothibitisha hayo, na wewe unauza juisi. Kinachostahili kumfikia msaidizi wako ni kokwa: za stafeli zina sumu, zitolewe zote kwa mkono kabla nyama haijaingia kwenye blenda. Mimi hukamua nyama kwa mkono na maji kidogo ndani ya chujio. Nyuzi na kokwa hubaki juu, juisi hushuka nyeupe.

Kwa hiyo ubaoni andika jina letu kwanza, stafeli, kwa herufi kubwa. Chini yake saasopu kwa Waingereza, graviola kwa Waitaliano. Kisha mstari mmoja wa kilichomo kwenye glasi: nyama nyeupe ya tunda, tamu yenye uchachu, imechanganywa na maji au na maziwa. Hilo la maji au maziwa usiliache hata kidogo, maana kuna wageni wasiokunywa maziwa, na stafeli la maziwa na la maji yote ni meupe. Kwa macho hutayatofautisha.

Kosa langu jingine kwenye kadi zile halikugunduliwa na mtu ila mimi mwenyewe, tena baadaye. Kulikuwa na juisi ya embe epo. Mzaliwa wa Pwani anajua hiyo ni aina ya embe, la mviringo, kama vile kuna ngowe na boribo. Mimi niliandika kwa Kiitaliano "embe na tufaha". Hebu fikiria mtu anayeumwa na matufaha akiipita juisi ya embe tupu kwa sababu yangu! Na hilo tufaha nalo lina mambo yake: vitabuni ni lile linaloletwa na meli, lakini mzee wa Malindi ukimwambia tofaa ataangalia mti wake uani, wenye tunda jekundu la majimaji ambalo ni jamii ya zambarau. Jina moja, matunda mawili. Ukiona jina la tunda limeazimwa kutoka kwa tunda jingine, simama hapo.

Sasa yale yasiyo na jina. Kijana wa Shela aliniuliza pia kuhusu mabungo. Nilihangaika sana na bungo. Kisayansi ni `Saba comorensis`, tunda la mtambaa wa msituni, la mviringo, ganda gumu la rangi ya chungwa. Waingereza hawana jina wanalolitumia mezani. Wengine huandika "tunda la mpira" kwa sababu mtambaa wake una utomvu, na mgeni akisoma hivyo nani ataagiza? Nikaamua: bungo libaki bungo. Lisitafsiriwe. Kinachotafsiriwa ni maelezo yake.

Maelezo hayo huwezi kuyaandika kama hujalitengeneza mwenyewe. Unapasua ganda, unatoa kokwa zilizofunikwa na nyama ya nyuzinyuzi, unaziloweka kwenye maji ya uvuguvugu, unazipekecha kwa mwiko mpaka maji yageuke rangi ya chungwa, unachuja, unatia sukari. Ukionja unapata uchachu mkali, halafu harufu iliyo kati ya embe na chungwa. Basi andika hivyo: bungo, tunda la msitu wa Pwani, chachu, harufu ya embe na chungwa. Usiandike kuwa ni "aina ya embe". Kufananisha harufu ni sawa, kufananisha ukoo ni uongo, na mwenye mzio wa embe atakuamini.

Kuna upande ambao wengi hawaukumbuki: kutafsiri kurudi jikoni. Mgeni akiagiza smuthi yake kwa Kiingereza, mhudumu huandika "maziwa ya nazi". Nimeshuhudia mpishi akisoma karatasi hiyo akatia maziwa ya ng'ombe na nazi ya kukuna, na aliyeagiza alikuwa hali kitu cha mnyama. Neno tunalo, ni tui. Hata uzito wake tunautaja: kasimile ni lile zito la kwanza, kisha la pili jepesi. Ile wanayoiita "maji ya nazi" kwetu ni maji ya dafu, na smuthi ya dafu haina tui ndani yake. Ukimwandikia mpishi "tui la kasimile, robo kikombe" hakosei.

Vivyo hivyo ndimu na limau. Bara wanayachanganya, sisi hatuna udhuru. Ndimu ni laimu, limau ni lemoni. Juisi ya stafeli ikikosa ukali mimi huikamulia nusu ndimu, nami huiandika kwenye kadi.

Kadi ninazoandika siku hizi sizipeleki kuchapwa siku ileile. Namkalisha mtu ambaye hajalijua tunda, namsomea maelezo, namwuliza anatarajia ladha gani, kisha nampa glasi. Uso wake akipiga funda la kwanza ndio ninaoutazama. Ukikunjika, nafuta mstari naandika upya.

Kijana wangu wa Shela, uliandika pia kuwa nyanyako hukuletea vitoria kutoka bara ya Lamu, unataka kuvitia kwenye smuthi. Jina hilo watu wa Pwani hulitumia kwa matunda zaidi ya moja, kwa hiyo sitakupa neno la Kiingereza leo. Nitumie picha mbili: moja ya tunda likiwa mtini na majani yake, na moja limepasuliwa katikati, kokwa zionekane. Umwulize nyanya pia ganda lake huliwa au hutupwa.